Nini kilizima awamu hii? Mwongozo wa kusoma ukuaji wa bakteria ndani ya flaski moja

Maziwa yakiachwa ndani ya kibuyu usiku kucha hapa Tanga, asubuhi yameganda. Bakteria waliomo wamekula sukari ya maziwa, wametoa asidi, kisha wamesimama. Lakini ukiipima ile sukari utaikuta bado ipo tele. Maziwa ya ng'ombe huanza na karibu asilimia 5 ya laktosi, na mgando uliokolea vizuri bado una zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo hawa hawakusimama kwa njaa. Walikaa mezani na chakula mbele yao, wakashindwa kula kwa sababu ya ukali walioutengeneza wenyewe.

Ninaanza na kibuyu kwa sababu kila mwaka nasahihisha majibu yaleyale: "Awamu ya kuzaana iliisha kwa sababu virutubisho viliisha na taka zikajaa." Hayo ni mambo mawili tofauti, na flaski yako haikusimamishwa na yote mawili kwa kiasi kilekile. Mwongozo huu ni wa kukupeleka kwenye meza ya maabara na kukufanya uweze kusema, kwa ushahidi, nini hasa kilizima kila awamu katika flaski yako wewe. Tunatumia bakteria mmoja tu, E. coli wa aina ya K-12, ambaye amefugwa maabara kwa miaka mingi na hamletei mtu mzima mwenye afya maradhi. Usichukue bakteria wa mtaroni au wa chooni ukawazidisha mabilioni. Hujui ni nani, na hutaki kumjua kwa njia hiyo.

Kabla ya siku yenyewe

Tengeneza mchuzi wa LB mililita 250. Pima triptoni gramu 2.5, dondoo la hamira gramu 1.25 na chumvi gramu 2.5, koroga kwenye maji yaliyochujwa hadi viyeyuke. Gawa mililita 50 katika kila flaski ya koni ya mililita 250. Utahitaji flaski tatu: moja ni mama, ya pili ni pacha wake, ya tatu nitaiita flaski ya sukari. Mchuzi unaobaki uweke kwenye chupa yake. Ziba flaski kwa pamba, funika karatasi ya foili juu, kisha pika kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15.

Glukosi ipike peke yake, mmumunyo wa asilimia 20, kwenye chupa ndogo. Ukiipika pamoja na mchuzi, sukari na protini hushikana kwenye joto, mchuzi unageuka rangi kama chai iliyokaa jikoni, na hujui tena umewapa nini.

Jioni, chukua koloni moja kutoka kwenye sahani ya agari, uiweke kwenye mililita 5 za mchuzi, uache ikitikiswa nyuzi 37 hadi asubuhi, yaani saa 16 hivi. Hao ndio mbegu. Flaski tatu ziweke nazo ndani ya kitikisio palepale usiku huo ili asubuhi ziwe na joto la nyuzi 37 tayari. Jambo hili watu wengi hulidharau. Nitaeleza mbele kwa nini linaharibu awamu ya kwanza.

Neno "imefungwa" lisikuchanganye. Flaski haijazibwa kama chupa ya soda. Hewa inapita kwenye pamba. Imefungwa kwa maana kwamba baada ya kupanda mbegu huongezi chakula wala huondoi taka. Kilichomo ndicho kilichomo.

Kupanda na kupima

Asubuhi, tia mililita 0.5 ya mbegu katika kila flaski. Kwenye flaski ya sukari ongeza pia mililita 2.5 za ule mmumunyo wa glukosi, ili mchuzi uwe na sukari karibu asilimia 1. Washa kitikisio, mizunguko 200 kwa dakika, nyuzi 37. Anza kuhesabu dakika.

Kila baada ya dakika 20 toa mililita 1 kutoka kwa mama, uweke kwenye kyuveti, usome kwenye spektrofotomita kwa mwanga wa nanomita 600. Namba inayotokea, OD600, inakuambia mwanga kiasi gani umezuiwa na miili ya bakteria. Sifuri yako iwe mchuzi safi, si maji, kwa sababu mchuzi wenyewe una rangi.

Namba ikipita 0.4, punguza sampuli kabla ya kusoma: mililita 0.2 za sampuli na 0.8 za mchuzi safi, kisha zidisha usomaji kwa 5; ukiwa bado juu ya 0.4, punguza zaidi na uzidishe kwa kiasi hicho. Bakteria wakiwa wengi, mwanga uliopotoshwa na mmoja hurudishwa na mwingine hadi kwenye kipokezi, na mashine inasoma pungufu. Usipopunguza, mchoro wako utapinda mapema na utadhani awamu ya kuzaana imekwisha, kumbe ni mashine iliyochoka. Huo ndio mwisho wa uongo wa kwanza. Upo mwingine, tutaukuta.

Haya ndiyo tuliyoyapata kwenye flaski mama, yakiwa yameshazidishwa pale palipopunguzwa:

| Dakika | OD600 |
|---|---|
| 0 | 0.03 |
| 20 | 0.03 |
| 40 | 0.04 |
| 60 | 0.07 |
| 80 | 0.13 |
| 100 | 0.25 |
| 120 | 0.47 |
| 140 | 0.82 |
| 160 | 1.3 |
| 180 | 1.8 |
| 240 | 2.8 |
| 300 | 3.2 |
| 360 | 3.3 |

Chora kwa logi, usichore namba zilivyo. Kwenye mchoro wa kawaida kila kitu kabla ya dakika 100 kinalala chini kama mstari wa ardhi, na ndiko mambo mazuri yaliko.

Awamu ya kujiandaa, na kinachoimaliza

Kwa dakika 20 za mwanzo namba haikusogea. Mwanafunzi anaweza kuona hapo hakuna kitu, lakini ndani ya seli kuna kazi nzito. Mbegu zako zimetoka kwenye mchuzi uliokwisha chakula tangu usiku wa manane. Zilipokaa na njaa kwa saa nyingi, zilipunguza ribosomu, yaani viwanda vya kutengenezea protini, na nyingine zikazifunga zisifanye kazi. Sasa zimeangukia kwenye karamu bila vyombo. Lazima kwanza zifungue ribosomu zilizobaki, zijenge nyingine, zitengeneze vimeng'enya vya chakula kilichopo, na zivute madini kama chuma kutoka nje. Kinachomaliza awamu hii ni kukamilika kwa vifaa hivyo. Saa haina uamuzi hapa.

Ushahidi unaupata kwa urahisi. Chukua bakteria kutoka kwenye flaski mama wakati OD600 ni 0.25, wakiwa wanazaana kwa kasi, uwahamishie kwenye mchuzi uleule wenye joto lilelile. Hawatasubiri. Wanaendelea na mwendo wao kana kwamba hawakuguswa, kwa sababu vyombo wanavyo. Rudia kwa mchuzi uliotoka kwenye friji, utaona kusubiri kumerudi. Ndiyo maana nilikwambia flaski zilale kwenye joto.

Unaweza pia kuipima awamu hii badala ya kuikadiria kwa macho. Kwanza tafuta kasi ya kuzaana kutoka sehemu iliyonyooka ya mchoro. Kwetu ni dakika 60 hadi 120. Kwenye jedwali la kompyuta andika:

```
=LN(0.47/0.07)/60
=LN(2)/0.0317
```

Mstari wa kwanza unatoa 0.0317 kwa dakika. Wa pili unatoa dakika 21.9, ndio muda wa seli moja kuwa mbili. Sasa jiulize: kama mbegu zingeanza kuzaana papo hapo kutoka 0.03, zingefika 0.07 baada ya dakika ngapi?

```
=LN(0.07/0.03)/0.0317
```

Jibu ni dakika 27. Lakini zilifika dakika ya 60. Tofauti, dakika 33, ndiyo awamu ya kujiandaa.

Hapa kuna mtego ambao umewahi kunila siku nzima. Mara moja nilitumia mbegu zilizosahaulika mezani tangu wiki iliyopita. Kusubiri kukawa kwa zaidi ya saa mbili, nikaanza kuulaumu mchuzi. Kumbe mbegu nyingi zilikuwa zimeshakufa. Maiti zinazuia mwanga sawasawa na walio hai, kwa hiyo spektrofotomita ilizihesabu zote. Fikiria kuwa katika kila kumi yuko mmoja tu aliye hai: huyo mmoja lazima ajirudufu zaidi ya mara tatu, karibu dakika 73 kwa kasi yetu, kabla ya walio hai kufikia idadi uliyodhani umeianza nayo. Huko si kujiandaa, ni upungufu wa watu. Njia ya kutofautisha ni kupanda sampuli ya dakika sifuri kwenye agari na kuhesabu koloni. Koloni zikilingana na usomaji wa mwanga, seli zinajiandaa kweli. Zikiwa pungufu mara kumi, una maiti.

Awamu ya kuzaana: iliisha lini hasa?

Kuanzia dakika 60 mstari umenyooka. Shika flaski mkononi wakati huu, uizungushe taratibu mbele ya dirisha. Utaona mawimbi yanayong'aa yakipita ndani ya mchuzi kama kitambaa cha hariri kinachogeuzwa kwenye jua. Ni kwa sababu seli hizi ni vijiti, na mchuzi ukizunguka vijiti vinalala upande mmoja na kuakisi mwanga pamoja.

Ukiwauliza wanafunzi awamu hii iliisha lini, wengi wataonyesha dakika 240 au 300, pale mstari unapolala. Wamechelewa. Weka rula juu ya nukta za 60 hadi 120, uivute mbele. Dakika 140 ingetakiwa kuwa karibu 0.89, tumepata 0.82. Dakika 160 ingetakiwa kuwa 1.67, tumepata 1.3. Mstari ulishavunjika kabla ya dakika 140. Kinachofuata, hadi dakika 300, ni kupunguza mwendo: bado wanaongezeka, lakini kila kizazi kinachukua muda mrefu kuliko kilichotangulia. Kwa mchuzi wa LB na E. coli, ukipima kwa makini sana utaona kasi inaanza kulegea mapema zaidi, karibu na OD600 ya 0.3. Jedwali letu la dakika ishirini ishirini halioni hilo.

Kwa nini mapema hivyo, na chakula bado kipo? Kwa sababu LB ina sukari kidogo sana. Ladha yake nzuri imetoka kwenye vipande vya protini na asidi amino, na bakteria hawazili zote kwa pamoja. Wanaanza na serini, iliyo rahisi kwao kuliko nyingine, ikiisha wanahamia nyingine ngumu kidogo, kisha nyingine. Kila wanapohama, mwendo unapungua. Ni kama mtu anayekula pilau akianza na nyama. Sahani bado imejaa wali lakini hamu si ileile. Mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1940, Jacques Monod aliwapa bakteria sukari mbili kwenye chombo kimoja, akaona wanamaliza glukosi kwanza, wanasimama kidogo, kisha wanaanza tena na sukari ya pili. Katikati palikuwa na awamu ndogo ya kujiandaa. LB haitupi kituo kilicho wazi hivyo, kwa sababu vyakula ni vingi na mabadiliko yanafunikana, lakini sababu ni ya ukoo mmoja.

Sasa, ule mwisho wa uongo wa pili. Siku moja umeme ulikatika tukiwa dakika ya 90. Kitikisio kikasimama, joto likashuka polepole hadi joto la chumba. Mwanafunzi mmoja akachora, akaona mstari umepinda, akaandika kwa kujiamini kabisa kuwa chakula kimeisha.

"Umepima pH?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Haya, pima kwanza."

Karatasi ikasoma 7, ileile ya mwanzo. OD600 ilikuwa 0.3 tu. Umeme uliporudi na flaski ikapata joto, mstari ukarudi kwenye mwinuko wake uleule. Awamu iliyokwisha kwa chakula hairudi kwa kuwashiwa kitikisio. Kwa hiyo, kila unapoona mpindo, andika pembeni joto, pH na kama kitikisio kilikuwa kinafanya kazi. Ni dakika moja tu ya kazi.

Na hewa nayo usiisahau. Tumeweka mililita 50 tu kwenye flaski ya 250 kwa sababu hiyo. Maji ya nyuzi 37 yanabeba oksijeni kidogo, chini ya miligramu 7 kwa lita, na bakteria wakishakuwa wengi wanaimaliza kwa dakika chache ikiwa haijazwi tena kutoka juu. Ukijaza mililita 200 kwa kutaka kuokoa flaski, mstari utapinda mapema kwa kukosa pumzi, na chakula bado kimo.

Jaribio la kurudishia: kumhoji aliyesimamisha

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo sababu ya kutengeneza pacha. Ikifika dakika 300, wakati mama anaelekea kutulia, chukua pacha wake. Pima pH. Ya kwetu ilikuwa imepanda kutoka 7 hadi karibu 8. Bakteria wanaokula asidi amino ili wapate nguvu wanabakiwa na naitrojeni wasiyoihitaji, na wanaitoa kama amonia. Kesho yake ilikaribia 9.

Kisha chukua flaski nne ndogo za mililita 50, safi na zilizopikwa. Tatu zitie mililita 5 za mchuzi wa pacha kila moja. Ya kwanza iongezee mililita 0.1 ya maji safi tu; huyo ni shahidi wa kulinganishia. Ya pili iongezee mililita 0.1 ya glukosi ya asilimia 20. Ya tatu irudishe pH kwenye 7 kwa matone ya asidi hafifu. Ya nne itie mililita 2 tu, zienee kwenye sakafu ya flaski, zipate hewa nyingi. Zirudishe zote kwenye kitikisio kwa saa moja na nusu.

Ile ya maji ilitoka 3.2 ikafika 3.3. Ya pH ilifika 3.3 vilevile. Ya hewa ilifika 3.4, tofauti ndogo isiyotosha kuitegemea. Ya glukosi ilifika 4.6. Jibu limetoka kwa mdomo wa bakteria wenyewe: katika LB ya kawaida, inayotikiswa vizuri, walisimama kwa kukosa chakula cha kuwapa kaboni na nguvu. Amonia ilikuwepo, pH ilipanda, lakini hicho hakikuwa kizuizi saa ile.

Fanya vivyo hivyo kwa flaski ya sukari. Hii ilisimama kwenye 3.6, na karatasi ya pH ilisoma 5. Kwa sukari nyingi, E. coli anachoma haraka kuliko anavyoweza kumalizia, hata hewa ikiwepo, na kinachobaki anakitema nje kama asidi ya asetiki. Hapa kuongeza glukosi hakukusogeza kitu, namba ilibaki palepale. Lakini ile iliyotiwa matone ya sodiamu haidroksaidi hadi pH ikarudi 7 ilipanda hadi 5.0. Hawa walikuwa na chakula, wakazuiwa na asidi yao. Ni kibuyu cha mgando, safari hii ndani ya kioo.

Bakteria ni walewale, mchuzi ni uleule ila kwa sukari iliyoongezwa, na michoro miwili ukiiweka pamoja inafanana kama ndugu. Sababu zilizowasimamisha ni tofauti kabisa, na mchoro peke yake hauwezi kukuambia.

Tahadhari mbili hapa. Unachoongeza kiwe kidogo, kisizidi sehemu moja ya hamsini ya mchuzi, la sivyo utakuwa umewapunguza bakteria na kuzimua taka, na hutajua kilichowaamsha ni nini. Na matone ya asidi au ya sodiamu haidroksaidi yatie huku ukizungusha flaski. Yakitua mahali pamoja yanaua kabla ya kuchanganyika.

Awamu ya kutulia, na kwa nini mashine itakudanganya

Kuanzia dakika 360 namba inakaa 3.3 hadi kesho yake. Fungua pamba uinuse kidogo kwa mbali, utapata harufu nzito ya indoli, inayotokana na asidi amino iitwayo triptofani. Seli zimekuwa fupi na za mviringo zaidi. Zimewasha mfumo wa shida unaoongozwa na protini ya RpoS: zinakaza kuta, zinaifungasha DNA yake ili isiharibike, zinafunga ribosomu. Si usingizi wa kawaida. Kila seli bado inatumia nguvu kidogo ili tu ibaki hai, na nguvu hiyo inatoka kwenye akiba yake na mabaki yaliyomo mchuzini. Akiba ikishindwa kulipia gharama hiyo ya kuishi, awamu ya kutulia imekwisha.

Kuanzia hapa acha kuitegemea spektrofotomita, panda kwenye agari. Saa 24, tulipunguza sampuli mara milioni moja, kwa mililita 0.1 ndani ya 0.9 mara sita mfululizo, ukibadilisha ncha ya pipeti kila hatua. Tukasambaza mililita 0.1 kwenye sahani. Zikaota koloni 240. Zidisha kwa 10, kisha kwa milioni: walio hai ni bilioni 2.4 kwa kila mililita.

Flaski inayotikiswa kwa siku tano kwenye nyuzi 37 inapoteza maji. Ipime kwenye mizani kila ukitoa sampuli na uandike uzito. Kesho yake, kabla ya kutoa nyingine, rudishia maji safi yaliyopikwa hadi uzito ule. Usipofanya hivyo mchuzi unajikaza na idadi inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Awamu ya kufa

Siku ya tano OD600 ilikuwa 2.9. Ukiangalia namba hiyo tu utasema hali ni nzuri, wamepungua kidogo. Kwenye agari, sampuli iliyopunguzwa mara elfu kumi tu ilitoa koloni 62, yaani milioni 6.2 kwa mililita. Kutoka bilioni 2.4 hadi milioni 6.2 ni kupungua karibu mara 390.

"Mbona mchuzi bado mzito vile, mwalimu?" aliuliza aliyekuwa anahesabu.

Kwa sababu maiti haziondoki. Flaski imefungwa, hakuna anayezizika. Baadhi zinapasuka na mchuzi unapungua uzito kidogo, nyingine zinabaki na umbo lake na kuendelea kuzuia mwanga kama zilipokuwa hai. Ukiandika ripoti ya awamu ya kufa kwa OD600 peke yake, hujaiona awamu hiyo kabisa.

Usitarajie pia kuwa mstari utashuka hadi sifuri kama vitabu vingi vinavyochora. Waliobaki wanakula kilichomwagika kutoka kwa waliopasuka, na kushuka kunapungua hadi kunakaribia kusimama. E. coli akiachwa kwenye LB na kuongezewa maji tu amewahi kuonekana hai kwa miaka. Hao waliobaki si walewale wa mwanzo. Miongoni mwao kuna waliobadilika wakaweza kula asidi amino vizuri zaidi kwenye njaa, na ukiwachanganya kidogo na flaski ya siku moja, wao ndio wanaoitawala baada ya siku kadhaa. Ukitaka kulijaribu hilo, weka alama tofauti kwenye aina hizo mbili kabla ya kuanza, mojawapo iwe inaota kwenye agari yenye dawa fulani na nyingine haioti, la sivyo koloni zote zitafanana.

Ukimaliza, flaski zote, kyuveti na mabomba ya pipeti yatie kwenye maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa dakika 30. Mchuzi wenyewe upike tena kwenye otoklevu kabla ya kuumwaga, na usiuchanganye na jiki. Ile flaski ya siku tano ina amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa moshi unaochoma koo.